Vitamini B2, magnesiamu na fivafyu kwa kipandauso: namna ya kuvijaribu kimoja kimoja

Nikiwa nyuma ya kaunta ya famasi huwa naona jambo hili mara kwa mara. Mtu mwenye kipandauso anaweka chupa tatu mbele yangu: riboflavini, ambayo ndiyo vitamini B2, magnesiamu, na vidonge vya majani ya fivafyu. Amesoma mahali kwamba vyote vitatu huzuia kipandauso, na leo jioni anataka kuanza kuvinywa kwa pamoja. Swali lake ni moja tu: anywe vingapi?

Namjibu, lakini kwanza namwomba arudishe chupa mbili. Sisemi hivyo kwa kuwa ni hatari kwa kila mtu. Akivianza vyote siku moja, baada ya miezi mitatu hatajua kipi kimemsaidia, kipi kimemharisha, wala kipi anakinunua bure. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuvijaribu kwa zamu, kwa kipimo kilichopimwa kwenye utafiti, na namna ya kujua kama vinafanya kazi.

Utafiti uliovichanganya vitatu

Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliowapa wagonjwa mchanganyiko huu wenyewe kila siku kwa miezi mitatu: riboflavini miligramu 400, magnesiamu miligramu 300 na fivafyu miligramu 100. Kundi la pili lilipewa kidonge cha kulinganishia. Hapa watafiti walikabiliwa na tatizo dogo. Riboflavini hugeuza mkojo kuwa wa njano kali, kwa hiyo mgonjwa anayepewa kidonge kitupu angegundua mara moja. Ili kuficha tofauti hiyo, waliweka riboflavini miligramu 25 kwenye kidonge cha kulinganishia.

Watu 49 walifika mwisho. Waliopata nafuu ya nusu au zaidi walikuwa asilimia 42 kwa waliokunywa mchanganyiko, na asilimia 44 kwa waliokunywa ile riboflavini kidogo. Mchanganyiko haukushinda.

Matokeo haya yana maelezo mawili. Huenda makundi yote mawili yalipata nafuu ile ambayo mtu huipata kwa kuamini tu kwamba anatibiwa, au kwa sababu alianza tiba wakati hali yake ilikuwa mbaya kupita kawaida. Au huenda miligramu 25 za riboflavini zinatosha kufanya kazi. Maelezo ya pili si ya kubeza, kwa kuwa utumbo una mlango mwembamba wa kupitisha vitamini hii: mtu akimeza dozi kubwa kwa mkupuo, mwili hufyonza takriban miligramu 27 tu, na nyingine hupita. Hata hivyo utafiti mmoja wa watu 49 hauwezi kuamua. Kitu kimoja lakini ni wazi: hakuna sababu ya kuvianza vitatu kwa pamoja ukidhani vitajumlishana.

Kabla ya kidonge chochote: wiki nne za daftari

Hakikisha kwanza kwamba ni kipandauso, na kwamba daktari au mhudumu wa afya amekubali hivyo. Kichwa kinachopasuka ghafla na kufikia kilele ndani ya dakika moja, kichwa chenye homa na shingo ngumu, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, kushindwa kutamka maneno kwa mara ya kwanza, kichwa kipya baada ya miaka 50, au kichwa kikali kwa mjamzito: hivyo vyote ni vya kwenda hospitali, si vya kujaribia vitamini.

Kisha andika kwa wiki nne bila kubadili chochote. Daftari halihitaji mbwembwe. Kila siku weka alama tatu: je, leo kulikuwa na kipandauso? Je, nimekunywa dawa ya kutuliza, na ipi? Je, maumivu yalinizuia kufanya kazi zangu? Wanawake waongeze siku za hedhi.

Alama ya pili ndiyo wengi huiruka, na ndiyo huniambia mengi. Anayekunywa parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, au dawa za kutuliza kipandauso za kundi la triptani siku 10 au zaidi, na hali hiyo imedumu miezi mitatu na kuendelea, anaweza kuwa na maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa zenyewe. Kwa mtu huyo magnesiamu haitafua dafu. Kwanza apunguze dawa za kutuliza kwa msaada wa daktari.

Kinga yenyewe huanza kuwa na maana pale siku za kipandauso zinapofika nne hivi kwa mwezi, au zikiwa chache lakini kali kiasi cha kumlaza mtu. Mwenye shambulio moja dogo kila miezi miwili hana haja ya kumeza vidonge kila siku.

Hatua ya kwanza: riboflavini

Naanza nayo kwa sababu haina madhara makubwa na kipimo chake ni rahisi. Mwaka 1998 watafiti wa Ubelgiji waliwapa watu 55 wenye kipandauso riboflavini miligramu 400 kwa siku au plasibo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani, kwa miezi mitatu. Waliopungukiwa na nusu au zaidi ya siku za maumivu walikuwa asilimia 59 kwa riboflavini na asilimia 15 kwa plasibo. Ni tofauti kubwa, ingawa watu 55 ni wachache, na suala la mkojo wa njano lazima tulikumbuke. Kwa watoto picha ni nyingine: utafiti wa mwaka 2008 uliowapa miligramu 200 haukuona tofauti na plasibo. Mtoto asianzishiwe kwa kukisia; mpeleke kwa daktari.

Kunywa miligramu 400 kwa siku pamoja na chakula, maana chakula huisaidia kufyonzwa. Kwenye utafiti ilinywewa yote kwa mara moja. Ukipenda, gawa 200 asubuhi na 200 jioni. Kwa jinsi ule mlango wa utumbo ulivyo mwembamba, mgao huo una mantiki, ila haujashindanishwa na dozi moja kwa wenye kipandauso.

Mkojo utakuwa wa njano inayong'aa ndani ya saa chache. Usiogope, na usidhani huo ni upungufu wa maji. Ila kama unapimwa mkojo kwa vijiti vinavyosomwa kwa rangi, mwambie mpimaji, kwa kuwa rangi hiyo inaweza kuvuruga majibu. Wachache huharisha au hukojoa mara nyingi zaidi.

Kuna kosa moja ambalo naomba ulichukulie kwa uzito. Riboflavini ya miligramu 400 ikikosekana, baadhi ya watu hununua vidonge vya vitamini B mchanganyiko na kuvizidisha mpaka wafikie 400. Chukua kidonge chenye miligramu 50 za kila aina ya B. Ukinywa vinane, umepata riboflavini 400, lakini umemeza pia miligramu 400 za vitamini B6. B6 nyingi kiasi hicho, ikinywewa kwa miezi, huharibu mishipa ya fahamu: nyayo na vidole huanza kufa ganzi na kuwaka moto, na kutembea gizani kunakuwa kwa kuyumba. Tafuta riboflavini peke yake, la sivyo acha.

Endelea kwa wiki 12 kamili. Usihukumu wiki ya tatu, kwa kuwa kwenye utafiti ule nafuu ilikuwa ikiongezeka mwezi baada ya mwezi na kuonekana vizuri zaidi katika mwezi wa tatu.

Hatua ya pili: magnesiamu, na hesabu ya kibandiko

Hapa ndipo watu hupotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Ushahidi wenyewe umegawanyika. Mwaka 1996 zilitoka tafiti mbili za Ujerumani. Ya kwanza iliwapa watu 81 magnesiamu miligramu 600 kwa siku, ikiwa katika umbo la sitreti, kwa wiki 12. Katika wiki nne za mwisho mashambulio yalipungua kwa asilimia 41.6, na kwa plasibo asilimia 15.8. Ya pili ilitumia umbo la aspateti kwa kiasi kidogo kuliko hicho, takriban miligramu 490, na haikuona faida yoyote ikasimamishwa kabla ya wakati. Utafiti mwingine mdogo wa mwaka 1991 uliwapa wanawake wenye kipandauso cha hedhi miligramu 360 kwa siku, kuanzia siku ya 15 ya mzunguko mpaka hedhi ilipoanza, na siku zao za maumivu zilipungua. Ndiyo maana mwanamke ambaye daftari lake linaonyesha mashambulio yamejipanga kandokando ya hedhi, mimi ningemwanzishia magnesiamu kabla ya riboflavini.

Sasa kibandiko. Magnesiamu hainywewi peke yake; huja imeshikana na kitu kingine, na uzito wa kidonge hujumuisha vyote viwili. Vipimo vya utafiti nilivyotaja ni vya magnesiamu halisi. Magnesiamu oksaidi ina takriban asilimia 60 ya magnesiamu, kwa hiyo kidonge kilichoandikwa oksaidi miligramu 400 kina kama 240 tu za magnesiamu yenyewe. Sitreti ina takriban asilimia 16: gramu moja nzima hutoa miligramu 160 hivi. Watengenezaji wengine huandika uzito wote, wengine huandika magnesiamu halisi pekee. Soma jedwali la nyuma ya chupa, si herufi kubwa za mbele. Angalia pia kipimo kimoja ni vidonge vingapi, maana mara nyingi ile namba nzuri ni ya vidonge vitatu. Ukishindwa, mpelekee mfamasia chupa umuulize: "Magnesiamu halisi ni kiasi gani kwa kidonge kimoja?"

Oksaidi ni rahisi kupatikana, lakini hufyonzwa vibaya na huharisha zaidi. Sitreti na glaisineti hufyonzwa vizuri zaidi. Glaisineti ni pole kwa tumbo, ingawa utafiti ule uliofaulu ulitumia sitreti.

Usianze na 600. Anza na miligramu 100 hivi za magnesiamu halisi wakati wa chakula cha jioni, ongeza mia nyingine kila wiki, na lenga kati ya 300 na 400, ukigawa asubuhi na jioni. Kumbuka kwamba wataalamu wa lishe wa Marekani wameweka ukomo wa miligramu 350 kwa siku kwa magnesiamu ya vidonge, na wa Ulaya 250, kwa sababu ya kuharisha. Lengo letu tayari linagusa au kuvuka ukomo huo, kwa hiyo kupanda juu ya 400, mpaka 600 ya utafiti, kuwe kwa usimamizi wa daktari. Tumbo lenyewe litakuonyesha mwisho wako: kinyesi kikiwa cha majimaji, rudi kwenye dozi ya wiki iliyopita na ubaki hapo.

Mwenye figo dhaifu asiiguse bila daktari. Figo ndizo zinazotoa magnesiamu ya ziada, na zikishindwa hujikusanya kwenye damu. Dalili zake ni kichefuchefu, uso kuwaka, usingizi usio wa kawaida, misuli kulegea, shinikizo la damu kushuka na moyo kwenda polepole. Anayeona hivyo aache vidonge na aende hospitali siku hiyohiyo. Wazee na wenye kisukari au shinikizo la damu la muda mrefu wapime figo kwanza, kwa sababu wengi hawajui hali ya figo zao.

Magnesiamu pia hung'ang'ania dawa nyingine tumboni na kuzizuia zisifyonzwe. Dawa ya tezi, levothairoksini, itengwe nayo kwa saa nne. Antibiotiki za doksisaiklini na siprofloksasini zinywewe angalau saa mbili kabla ya magnesiamu, au saa nne hadi sita baada yake. Anayetumia dolutegraviri kwa ajili ya VVU ainywe saa mbili kabla ya magnesiamu au saa sita baada yake. Hapa uzembe unaweza kugharimu udhibiti wa virusi, kwa hiyo awaambie wahudumu wa kliniki kabla ya kuanza.

Hatua ya tatu: fivafyu, kwa baadhi tu

Fivafyu ni mmea wa maua madogo meupe yenye kitovu cha njano, wa jamii ya krisanthemu. Jina la kisayansi la kutafuta kwenye chupa ni Tanacetum parthenium. Nimeiweka mwisho kwa makusudi. Faida yake ni ndogo na makatazo yake ni mengi.

Utafiti wake mkubwa zaidi, wa mwaka 2005, ulikuwa na watu 170 na ulitumia kiowevu maalumu kilichokamuliwa kwenye mmea, miligramu 6.25 mara tatu kwa siku kwa wiki 16. Watu walianza na mashambulio karibu matano kwa mwezi. Kwa fivafyu yalipungua kwa 1.9, kwa plasibo kwa 1.3. Tofauti ya 0.6 kwa mwezi ni sawa na shambulio moja pungufu kila wiki saba hivi. Wapo watakaoona inafaa. Ila kile kiowevu si sawa na unga wa majani makavu unaouzwa kwenye vidonge vingi, ambao kwa kawaida hunywewa miligramu 50 hadi 150 kwa siku, na kiasi cha parthenolidi, kemikali inayodhaniwa kufanya kazi, hutofautiana sana kati ya chupa na chupa. Chagua iliyoandika kiwango chake, asilimia 0.2 ndicho kiwango kinachotajwa mara nyingi.

Mjamzito asinywe kabisa, wala anayetafuta mimba, kwa kuwa inaweza kuchochea mji wa mimba kujikaza. Anayetumia wafarini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, hata aspirini ya kila siku, asiianze bila daktari. Aliye na upasuaji aiache wiki mbili kabla. Mwenye mzio wa kamomili, krisanthemu na jamaa zake aiepuke. Na usitafune majani mabichi: kutafuna huleta vidonda vya mdomo na kuvimba ulimi.

Ukiitumia kwa miezi kisha ukaitupa ghafla, kichwa kinaweza kurudi kwa nguvu, pamoja na wasiwasi, kukosa usingizi na viungo kukakamaa. Ipunguze polepole kwa wiki kadhaa.

Onyo jingine ni la vidonge vilivyochanganywa tayari. Mwaka 2012 chama cha Marekani cha madaktari wa mishipa ya fahamu kiliviweka vitu vyetu vitatu kwenye daraja la "huenda vinafaa", na juu yao kikaweka mmea mwingine, Petasites. Baadaye kiliuondoa mwongozo huo kwa wasiwasi kwamba mmea huo unaweza kudhuru ini. Ukiona jina hilo kwenye chupa ya kipandauso, irudishe.

Mfano: daftari la Mwanaidi

Tuchukue mtu wa mfano, tumwite Mwanaidi. Ana miaka 34, anakunywa levothairoksini kila asubuhi, figo zake zimepimwa ziko sawa, na angependa kupata mimba mwakani. Wiki nne za daftari zinaonyesha siku 9 za kipandauso na siku 11 za ibuprofeni. Hajafikia 15, kwa hiyo dawa za kutuliza si mshukiwa wa kwanza, lakini tunazitazama. Siku zake hazifuati hedhi.

Anaanza riboflavini 400 na chakula cha mchana. Wiki nne za kwanza anahesabu siku 8. Anakata tamaa, anataka kuongeza magnesiamu. Namwambia asubiri. Wiki ya 5 hadi ya 8 ni siku 7, na ya 9 hadi ya 12 ni siku 5. Kutoka 9 hadi 5 ni punguzo la asilimia 44. Haijafika nusu, lakini mwelekeo ni mzuri na siku za ibuprofeni zimeshuka hadi 6. Tunabakiza riboflavini na kuongeza magnesiamu sitreti.

Chupa yake ina miligramu 100 za magnesiamu halisi kwa kidonge. Anakunywa kimoja na chakula cha usiku, mbali na dawa ya tezi ya asubuhi. Wiki ya pili viwili, ya tatu vitatu. Wiki ya nne anapanda hadi vinne na anaharisha kwa siku mbili. Anarudi vitatu, tumbo linatulia. Dozi yote ameiacha usiku, kwa kuwa asubuhi ingegongana na levothairoksini. Baada ya wiki 12 za magnesiamu anahesabu siku 4. Fivafyu hatuigusi, kwa sababu ya mimba anayoitafuta.

Je, hiyo siku moja iliyopungua ni kazi ya magnesiamu? Siku 5 na siku 4 zinakaribiana mno, na mwezi wowote unaweza kutofautiana na mwingine kiasi hicho bila sababu. Kwa hiyo anaacha magnesiamu kwa wiki nane huku akiendelea na riboflavini na daftari. Zikipanda hadi 6 au 7 na kubaki hapo, atairudisha. Zikibaki 4 au 5, ameokoa vidonge vitatu kwa siku, na haya ya kuharisha yanaishia hapo. Kabla hajaacha kuzuia mimba, atampelekea mkunga au daktari wake chupa ya riboflavini na daftari lenyewe, waamue pamoja kama aendelee.

Kama baada ya majaribio haya siku zingekuwa bado 8 au 9, jibu lisingekuwa kuongeza chupa ya nne. Angehitaji dawa za kinga zinazoandikwa na daktari, kama propranololi au amitriptilini, na kurasa zile za miezi sita zingemwonyesha daktari kile kilichokwisha kujaribiwa, kwa kipimo gani na kwa muda gani.